Sisimizi wa sukari, chungu wa mbao na majimoto: kwa nini dawa moja haiwamalizi

*Assalaam aleikum kaka mshauri. Naishi Mikindani, nyumba ya tofali na bati, dari ya plaiwudi, na ubavuni kuna mwembe mkubwa. Tangu mvua zianze tunasumbuliwa na chungu wa aina tatu. Kuna wadogo mno wamejaa kwenye sukari na vikombe vya chai. Nimewapulizia dawa ya kopo mara nyingi, wakapungua jikoni wakaibukia chumbani na kwenye swichi ya taa. Kuna weusi wakubwa wanatoka usiku kwenye fremu ya mlango wa bafu, na asubuhi nakuta unga wa mbao sakafuni. Halafu kuna wekundu wanaoingia dirishani mchana, wamemuuma mwanangu wa miaka mitatu akalia mpaka basi. Jirani anasema ni mchwa hao. Fundi wa dawa anataka laki moja na nusu apulize nyumba nzima. Nimpe?*

*Mama wa watoto wawili, Mikindani, Mtwara*

Wa aleikum salaam dada yangu, na pole kwa mtoto. Usimpe, angalau si kwa kazi hiyo aliyoitaja. Chungu unayemwona anatembea hazai. Yeye katumwa chakula tu. Anayezaa ni malkia, naye haonekani. Kupuliza kuta na sakafu kunaua waliotumwa, na waliobaki ndani wanatuma wengine. Kwa hiyo kwa kila aina jiulize malkia wao wako wapi na kitu gani kinaweza kuwafikia huko. Majibu yako matatu yanatofautiana kabisa, ndiyo maana dawa moja haitakusaidia.

Nianze na wadogo, maana hao ndio wanaowachosha watu kuliko wote. Ukubwa wao upime kwa ufuta, ambao huko kwenu haukosekani. Sisimizi wa sukari analingana na punje ya ufuta au ni mdogo zaidi. Wapo wa rangi ya njano-kahawia, wapo ambao kichwa ni cheusi na tumbo jeupe hata ukimweka kwenye sahani nyeupe unaona kichwa tu kinatembea, na wapo weusi wenye miguu mirefu wanaokimbia ovyoovyo kama waliopotea njia. Kwako kuna dalili moja inayonitosha bila hata kuwaona: ulipuliza jikoni, wakaibukia chumbani na kwenye swichi.

Aina hizi za nyumbani hazina malkia mmoja. Kundi moja linaweza kuwa na malkia kadhaa, na kwa baadhi yao ni makumi, wamegawanyika kwenye ufa wa ukuta, nyuma ya fremu, ndani ya boksi la swichi, hata chini ya mfuniko wa ndoo. Dawa ya kopo inawafukuza kwa harufu na makali yake. Kundi likihisi hatari linagawanyika: malkia mmoja au wawili wanaondoka na wafanyakazi na mayai yao, wanaanzisha maskani mapya chumba cha pili. Ulikuwa na kundi moja jikoni, sasa una matatu. Kadiri unavyopuliza ndivyo unavyowapandikiza.

Hawa dawa yao ni chambo kinachoua polepole. Mfanyakazi anakinywa, anarudi nacho tumboni, anawalisha wenzake, watoto na malkia kwa mdomo. Ili hilo litokee lazima asife njiani, na hapo ndipo watu wengi wanapoharibu. Wanaona sumu kidogo haitoshi, wanazidisha, sisimizi wanakufa pembeni ya kisahani, mwenye nyumba anafurahi, na malkia hajaonja hata tone.

Nenda duka la dawa ununue unga wa asidi ya boriki. Chukua nusu lita ya maji ya uvuguvugu, koroga vijiko vinne vya chakula vya sukari, kisha tia kijiko kimoja cha chai cha asidi ya boriki, kilichosawazishwa kwa kisu, si cha kurundika. Hapo sumu ni kama asilimia moja, na ndicho kiwango unachotaka. Chovya vipande vya pamba, viweke kwenye vizibo vya soda, na kila kizibo ukiweke kando ya njia yao: pembeni ya dirisha la jikoni, chini ya swichi, nyuma ya mtungi wa gesi. Usipulize chochote karibu, na usiifute ile njia yao kwa sabuni wala kwa dawa ya kudekia, maana wanaifuata kwa harufu. Sukari yako yenyewe ifungie kwenye chombo kinachobana ili kizibo kisiwe na mshindani.

Siku mbili za mwanzo watajaa kwenye vizibo mpaka utajuta kuniandikia. Waache. Badilisha pamba kila baada ya siku mbili tatu, maana kwa joto la Mtwara maji ya sukari yanachacha upesi na wao hawagusi kilichochacha. Kwa kawaida wanaanza kupungua ndani ya wiki ya kwanza, na kundi lenye malkia wengi linaweza kuhitaji wiki tatu au zaidi. Wakiisha, acha vizibo wiki moja zaidi, kwa sababu mayai yaliyokwishatagwa bado yanaanguliwa.

Wakipita kando ya kizibo bila kukigusa, wana njaa nyingine. Weka usiku mmoja tone la asali na kipande cha dagaa wa kukaanga, vikiwa mbali kidogo, uone wanakimbilia wapi. Wakiangukia kwenye dagaa, changanya vijiko sita vya chakula vya siagi ya karanga na robo kijiko cha chai cha asidi ya boriki, weka punje ndogo kwenye vizibo. Mara nyingi hao wa mafuta ni wale ambao kwenye msafara wao unaona wachache wenye vichwa vikubwa visivyolingana na miili. Makazi yao ni ardhini, chini ya msingi, na wanatupa vilima vidogo vya mchanga kwenye ufa wa sakafu.

Asidi ya boriki ni sumu kwa mtoto, na maji yake ni matamu. Una wa miaka mitatu, kwa hiyo kizibo kiwe juu asipofika, au ndani ya kopo lenye mfuniko uliotobolewa matundu ya msumari. Chupa iliyobaki iandike SUMU, uifungie. Kwenye swichi usitie kitu chochote ndani, cha maji wala cha unga. Chambo cha chini yake kitawatoa.

Tuje kwa weusi wa bafuni. Jirani yako hakukosea kushuku mchwa, Kusini nani asiyewajua? Ila mchwa wa ardhini hatembei hadharani. Anajenga mfereji wa udongo juu ya ukuta na kupita ndani yake, mwili wake ni mweupe laini, hana kiuno. Ukiona mdudu mweusi mwenye kiuno chembamba na vipapasio vilivyopinda kama kiwiko, huyo ni chungu. Hao wako wakubwa, kama wanafikia urefu wa punje ya mchele au kuupita, na katika msafara mmoja kuna wakubwa na wadogo wa rangi ileile, ni aina ya chungu wanaochimba makazi ndani ya mbao.

Kusema kweli ukubwa pekee hautoshi. Chungu wakubwa wengi wanaoingia nyumbani usiku wanaishi ardhini uani, wamekuja kutafuta makombo tu, na mbao zako hawazijui. Kinachonifanya niamini wako wamo ndani ya fremu ni ule unga. Kesho asubuhi usiufagie. Uzoe kwenye karatasi nyeupe, utoe nje kwenye mwanga, na kama simu yako ina kamera nzuri, uupige picha kwa karibu ukuze.

Ukikuta vinyoleo vidogo vya mbao, vyembamba, vimechanganyika na miguu, vichwa na mabawa ya wadudu, umewapata chungu wa mbao. Wao hawali mbao. Wanatafuna njia, wanatupa nje walichochimba pamoja na taka za jikoni kwao. Ukikuta unga laini kama wa muhogo, bila kipande cha mdudu, na fremu ina vitundu vya mviringo kama vya sindano, hao ni fukusi wa mbao, wala hawahusiani na weusi wa usiku. Na ukikuta punje ngumu zinazolingana zote, kama mchanga mkavu, ambazo ukikuza picha zina pande sita, hicho ni kinyesi cha mchwa wa mbao kavu, ambaye hahitaji udongo wala mfereji. Huyo wa tatu yupo sana mwambao wetu na ndiye anayewapita mafundi wengi, kwa sababu wanatafuta udongo, hawauoni, wanasema hakuna mchwa.

Kwa maelezo yako nina hakika kiasi kikubwa kwamba ni vinyoleo, na sababu ni bafu. Chungu wa mbao hapendi kuanza kwenye mbao ngumu na kavu. Anatafuta iliyolainishwa na maji. Chukua bisibisi, anza chini kabisa ya fremu, pale maji ya kuoga yanaporukia, na ugonge kwa mpini ukipanda juu. Mbao nzima inatoa sauti nene. Penye njia ndani inalia uwazi. Hapo bonyeza kwa ncha. Ikizama bila nguvu, umefika. Ukibandua kipande utaona njia safi, kuta zake laini kana kwamba zimepigwa msasa, bila tope hata kidogo. Mchwa wa ardhini yeye anazipaka udongo njia zake.

Kabla hujabandua, ufanye upelelezi usiku mmoja, kuanzia saa mbili. Funika tochi kwa karatasi laini nyekundu ya kufungia zawadi, kwa sababu chungu hawauoni vizuri mwanga mwekundu, hawatatawanyika. Weka tone la asali mita moja kutoka mlangoni, usubiri, kisha umfuate anayeondoka ameshiba. Unataka kujua mambo mawili: wanaingia kwenye tundu gani la fremu, na je, wapo wanaotoka nje ya nyumba? Kundi la aina hii mara nyingi lina makazi makuu nje, kwenye kisiki kinachooza au tawi kavu la mwembe, na ndani ya nyumba ni tawi la ukoo tu. Wa kwenye mbao za ndani ukiwaua wote na kisiki ukakiacha, baada ya miezi watarudi.

Sasa tiba. Chambo cha sukari hapa kinasaidia kidogo, lakini hawa wanakula vitu vingi na mara nyingi wanakipuuza, kwa hiyo usikitegemee. Malkia, au watoto wa kundi, wako ndani ya mbao unayoweza kuigusa, basi wafuate humo. Kama sehemu iliyooza ni ya chini tu, njia iliyo bora kuliko zote haina sumu: fundi seremala akate kipande hicho, akitoe nje kikiwa na wenyewe ndani, kichomwe, na apachike kipya cha mninga au cha mbao iliyotiwa dawa, mwisho wake wa chini ukiinuliwa kidogo usiguse sakafu yenye maji.

Kama fremu bado ni imara na hutaki kuikata, toboa vitundu vya milimita tatu kila sentimita kumi kando ya njia inayolia uwazi, kisha puliza unga wa deltamethrini au permethrini uliosajiliwa kwa wadudu watambaao wa majumbani. Duka la pembejeo wanao. Lebo iwe na usajili wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na usiletewe ule wa kuhifadhia mahindi. Tumia chupa laini ya plastiki iliyokauka, ijaze nusu, uibonyeze mara moja moja ili kitoke kiwingu. Wengi wanashindilia mpaka unga unajaa njia, na chungu wanaukwepa wakachimba pembeni. Funika pua na mdomo, watoto wawe nje. Usizibe vitundu siku hiyo. Subiri kama wiki mbili bila vinyoleo vipya sakafuni, ndipo uzibe kwa mchanganyiko wa gundi na unga wa randa. Ukiziba mapema wanatoboa mlango mwingine.

Oili chafu ambayo kila mtu atakushauri upake haifiki ndani. Inakaa kwenye ngozi ya mbao, chungu wanaendelea kuishi katikati, na bafu linanuka gereji.

Yote hayo hayana maana kama fremu itaendelea kulowa. Angalia maji yanatoka wapi: sakafu imeinamia mlangoni, bomba linavuja ukutani, au bati limetoboka juu na maji yanashuka kwenye dari. Panda pia uangalie plaiwudi ya dari juu ya bafu. Pakiwa na doa la kahawia, gonga na hapo. Habari njema ni kwamba hawa wanakwenda polepole. Uharibifu wa maana ni wa miezi mingi hadi miaka, kwa hiyo una muda wa kufanya kazi vizuri. Mchwa wa ardhini asingekupa nafasi hiyo.

Wekundu wa dirishani sina shaka nao: majimoto. Wanaingia mchana, wembamba wenye miguu mirefu, na ukiwasogelea wanainua tumbo juu na kukukabili badala ya kukimbia. Hawana mwiba. Wanang'ata kwa meno na kumiminia asidi kwenye jeraha, ndiyo ule moto aliousikia mwanao. Jeraha lioshe kwa maji na sabuni, weka kitambaa cha maji baridi. Akivimba uso au akipumua kwa shida, usisubiri, mkimbize hospitali.

Angalia mwembe wako. Utaona majani yaliyoshonwa pamoja kwa nyuzi nyeupe, makubwa kama ngumi au kichwa. Malkia wao yuko humo juu, hayumo ndani ya nyumba yako wala hana mpango wa kuhamia. Kwako wamepata daraja tu, yaani tawi linalogusa bati, kamba ya kuanikia nguo, au waya. Puliza chumba utakavyo, kesho watashuka wengine, na mtoto atalala kwenye sumu bure. Kata matawi mpaka pawe na nafasi ya mita moja au zaidi kati ya mti na nyumba, hamisha kamba, na waliobaki ndani wafagie. Anayekata apake majivu au poda mikononi na avae mikono mirefu, itawapa shida kumshika. Waya wa umeme usiguse mwenyewe, waite TANESCO.

Viota uviache. Majimoto ni walinzi wa mikorosho: wanawinda mbu wa mikorosho na kunguni wengine wanaofyonza machipukizi na korosho changa, na watafiti wa Naliendele hapohapo Mtwara wamewachunguza kwa kazi hiyo. Kwenye minazi nako wanazuia mdudu anayeangusha nazi changa. Na wale wenye vichwa vikubwa niliowataja ndio adui yao. Wakishika shina la mnazi, majimoto wanahama.

Wang'ataji wengine nawataja kwa haraka ili usiwachanganye. Siafu wakija msafara mzima usiku wa mvua, mtoe mtoto na kuku, uwapishe. Wanakula mende na panya wadogo kisha wanaondoka wenyewe, na kumwaga mafuta ya taa sakafuni kunaweza kukuunguzia nyumba. Sungusungu, wale weusi wakubwa wanaotembea kwa mstari na kuchoma, wanawinda mchwa. Ukiona mstari wao unaelekea msingi wa nyumba yako, hapo ndipo nitakapokubaliana na jirani yako, nawe ukague mifereji ya udongo.

Fundi wako bado anaweza kupata kazi. Mwonyeshe karatasi yenye unga wa mbao, umuulize ni wa nani na makazi yako wapi. Akikujibu kwa kugonga fremu na kupanda darini kabla ya kufungua bomba lake, mpatane bei ya mlango na dari ya bafu peke yake. Na ukigonga ukakuta uwazi umepanda kutoka kwenye fremu hadi kwenye mbao zinazobeba paa, hiyo usiijaribu mwenyewe kwa chupa ya plastiki. Anahitajika seremala wa kupaua aangalie kwanza nini kinashikilia nini, dawa ifuate baadaye.